Mchungaji wetu anastaafu: tunaandikaje neno la kumuaga bila kumvika kilemba cha ukoka?

Karani wa Kamati

Wakuu, habari za jioni. Usharika wetu ni wa Kilutheri, uko upande wa Mbagala, chini ya Dayosisi ya Mashariki na Pwani. Mchungaji wetu anastaafu mwishoni mwa mwezi ujao. Alikuja kwetu mwanzoni mwa 2009, akahamishwa 2014, akarudishwa 2018, na hapo ndipo anapomalizia utumishi wake. Baraza la wazee limeunda kamati ya kumuaga, na mimi nimepewa kazi ya kuandika neno litakalosomwa siku hiyo mbele yake, mbele ya Mkuu wa Jimbo na mbele ya mchungaji anayekuja.

Kamati tayari ina rasimu. Inaanza hivi:

"Mpendwa Baba yetu, nuru ya Mbagala, nguzo isiyotikisika, jemedari wa Bwana. Tangu ufike, usharika huu umegeuka kutoka jangwa kuwa bustani. Umejenga kanisa, umebatiza maelfu, umetunza yatima na wajane, na hatujawahi kusikia neno baya likitoka kinywani mwako. Hakuna, wala hatatokea tena, mchungaji kama wewe."

Nimeisoma kwa sauti na nimeona haimhusu. Ukifuta neno Mbagala, unaweza kumsomea mchungaji yeyote nchini, hata ambaye hujawahi kumwona. Na huyu wetu ni mtu asiyependa sifa. Kuna Jumapili kwaya ilimtaja jina kwenye ubeti, akasimama pale pale akaomba urudiwe bila jina lake. Nampenda mzee huyu na nataka aondoke akijua kwamba tulimwona kweli. Nisaidieni namna ya kuandika.

Fundi Rangi Tatu

Mkuu, dawa yake rahisi. Sifa bila kasoro ni uongo, basi weka zote mbili. Mazuri matatu, mapungufu matatu, mizani inakaa sawa. Hakuna atakayesema mmempamba.

Mzee Bandari

Bwana asifiwe wote. Nilikuwa katibu wa baraza la wazee kwenye usharika wangu kwa muda mrefu, na nimeandika maneno ya namna hii kwa wachungaji, wainjilisti na mzee mmoja wa kanisa aliyepiga kengele mpaka magoti yakakataa.

Fundi, uko sahihi kwamba kasoro zisifichwe kwa uongo. Ila mizani si kazi ya siku ile. Kumpima mchungaji ni kazi ya baraza na ya dayosisi, na inafanyika ofisini, mtu akiwa na nafasi ya kujibu. Siku ya kuagwa hawezi kujibu kitu, amekaa kwenye kiti kilichopambwa, mkewe pembeni. Ukimsomea mapungufu matatu utakuwa umemwonea, hata kama yote ni kweli.

Neno la kuaga ni ushahidi. Usharika unasema ulichokiona na kukisikia, basi. Someni 1 Samweli 12. Samweli amezeeka, anawaaga Israeli, anawauliza waziwazi: nimechukua ng'ombe wa nani, punda wa nani, nimemdhulumu nani, nimepokea rushwa mkononi mwa nani? Watu wakamjibu kwa mambo machache tu: hukutudhulumu, hukutuonea, hukupokea kitu mkononi mwa mtu. Hawakumwita nuru wala jemedari. Na angalieni jambo ambalo hawakulisema. Wanawe Samweli walikuwa waamuzi wala rushwa, sura ya 8 inaeleza, na watu walilijua hilo. Siku ya kuaga hawakulitupa usoni mwake, lakini pia hawakudanganya kwa kusema nyumba yako yote ilikuwa safi. Walishuhudia habari zake yeye, wakaishia hapo.

Kwa hiyo Karani, chukua rasimu hiyo sentensi moja moja. Kila moja iulize: nani aliona, lini, wapi? Sentensi isiyo na jibu ifute bila huruma. Yenye jibu, andika jibu lenyewe badala ya sentensi.

Karani wa Kamati

Shikamoo mzee. Hilo la Samweli sikuwahi kuliona kwa jicho hilo. Swali: wajumbe wanasema hii ni risala, na risala ina mpangilio wake. Utangulizi, historia, mafanikio, changamoto, maombi. Niuache mpangilio huo?

Mzee Bandari

Marahaba. Hapo ndipo ugonjwa unapoanzia. Risala ni barua ya usharika kwa mgeni rasmi. Ndiyo maana inamalizikia kwa maombi: baba Askofu tusaidie kiwanja, tusaidie gari. Ukimwandikia mtu anayeondoka kwa mpangilio huo, kila kilichotokea tangu afike kinaingia kwenye "mafanikio" na kinaonekana chake. Hata bomba la maji lililovutwa na mamlaka litakuwa lake. Na ile sehemu ya changamoto inageuka mahali pa watu kulipiza visasi.

Tenganisheni. Risala ya Mkuu wa Jimbo isomwe na mwenyekiti, fupi. Neno la kumuaga mchungaji lisimame peke yake, liwe la dakika tano. Kusoma kanisani kwa utulivu, na feni zinazovuma na watoto wanaolia, ni kama maneno mia kwa dakika. Basi una maneno mia tano tu. Ukiwa na mia tano hupati nafasi ya "nguzo isiyotikisika".

Halafu nenda ofisini ufungue madaftari kabla hujaandika neno lolote. Daftari la ubatizo, la ndoa, la maziko, na faili la mihutasari ya baraza. Kumbukumbu ya watu inampa aliye mbele yao kila kitu.

Mama Kwaya

Jamani kuhusu zawadi msirudie yaliyotokea kwenye usharika mmoja ninaoujua, sitautaja. Walimtangazia mchungaji wao gari siku ya kuagwa, makofi, vigelegele, funguo ya mfano ya mbao ikatolewa. Ahadi zilizoandikwa kwenye bahasha hazikulipwa hata nusu. Yule baba akawa anaulizwa kila anakopita, gari liko wapi? Hakuweza kujibu bila kuwachafua waumini wake. Kama mna kitu, mpeni kikiwa mkononi. Kama ni kitenge cha mama na bahasha, inatosha.

Karani wa Kamati

Asante mama, zawadi iko kwa kamati ndogo nyingine, ila nimewapelekea maneno yako. Na limenisaidia upande wangu pia, kwa sababu mwisho wa rasimu kuna "tunakuahidi hatutakutupa kamwe na tutakujengea". Nimelitoa. Hakuna kikao kilichopitisha hilo.

Mdau wa Buguruni

Habari wakuu. Mimi ni Muislamu, naomba nichangie kidogo maana sisi tulikuwa na jambo kama hili. Imamu wa msikiti wetu wa mtaani alijiuzulu kwa ajili ya umri, macho yalikuwa hayaoni vizuri. Wazee wetu wakatukumbusha kwamba Mtume (S.A.W.) alikataza mtu kusifiwa usoni kupita kiasi. Ipo hadithi ndani ya Sahihi Muslim ya kuwatupia mchanga usoni wanaosifu namna hiyo. Na ipo nyingine ambapo mtu alimsifu mwenzake mbele yake, akaambiwa umekata shingo ya mwenzako. Kisha ikaelezwa njia: kama lazima umsifu mtu, sema nadhani fulani yuko hivi na hivi, Mwenyezi Mungu ndiye wa kumhesabu, wala simtakasi mtu yeyote mbele ya Mungu. Na useme hivyo kwa jambo unalolijua kwake.

Sisi tulifanya hivi. Baada ya sala ya alasiri walisimama watu watatu, kila mmoja akasema jambo moja alilolishuhudia yeye mwenyewe, kisha dua. Mmoja alisema: miaka yote hii nilikuwa naishi jirani na msikiti, na adhana ya alfajiri haikuchelewa kwa sababu yake. Akakaa. Mzee wetu alilia kwa hilo.

Ushauri wangu, msimsomee kabisa mbele yake. Mpeni kwenye karatasi akasome nyumbani.

Mzee Bandari

Mdau, Mungu akubariki, maneno hayo "nadhani" na "ninalolijua" ndiyo hasa nilikuwa natafuta namna ya kuyasema. Kwa la kutosoma mbele yake sikubaliani. Kwetu neno la kuaga si kwa ajili yake peke yake. Kuna vijana waliopata kipaimara kwake, kuna walio na kinyongo naye, kuna mchungaji mpya anayesikiliza aone huu ni usharika wa namna gani. Wote wanahitaji kusikia ukweli ukisemwa kwa sauti. Ila kwa dini yenu na desturi yenu naelewa.

Mdau wa Buguruni

Nimekuelewa mzee wangu. Bado naona karatasi ina usalama zaidi kwa moyo wa mtu, lakini nyumba ni yenu.

Binti Chang'ombe

Bwana asifiwe. Nadhani namjua mchungaji huyu, na kama siye basi ni wa aina yake. Mama yangu alipokuwa amelazwa Ocean Road kwa saratani, alikuja mara nyingi. Wachungaji wengi wakija wanaomba kwa sauti wodi nzima isikie. Huyu aliuliza kwanza kama mgonjwa wa kitanda cha pili amelala. Akaambiwa ndiyo, hakupata usingizi usiku kucha. Akaomba kwa sauti ya chini sana, mkono wa mama ukiwa mkononi mwake, akakaa kimya mpaka muda wa kuona wagonjwa ukaisha. Mama alifariki, na kwenye maziko hakusema habari za ugonjwa hata kidogo. Karani, kama linafaa lichukue.

Karani wa Kamati

Pole sana dada. Nikilichukua, niandike vipi bila kukuanika?

Mzee Bandari

Hapa Karani twende taratibu, maana ndipo maneno mengi ya kuaga yanapoumiza watu. Kazi kubwa ya mchungaji haiko kwenye madaftari. Iko wodini, iko Keko na Segerea kwa wafungwa na mahabusu, iko sebuleni kwa watu walioachana na bado wanakuja ibadani kila mmoja kwa mlango wake. Mambo hayo ni ya wenyewe. Huwezi kumshukuru mchungaji kwa kutunza siri huku unaitoa.

Kwa hiyo ruhusa iombwe kwa mtu mwenyewe, si kwa ndugu yake wala kwa mwenyekiti wa jumuiya. Mtu akikubali, msomee sentensi kama itakavyosomwa kanisani. Ondoa jina, lakini usidhani inatosha. Ukisema "binti mmoja wa mtaa fulani ambaye mama yake aliugua saratani mwaka fulani", benchi zima limeshageuza shingo. Bakiza tendo, toa mtu. Dada hapa anaweza kuwa ameridhia leo na kesho akaona vibaya, mpe siku chache.

Binti Chang'ombe

Nimeridhia mzee. Ila nitafurahi saratani isitajwe. Ile ya kuuliza kuhusu mgonjwa wa pili ndiyo ninayotaka ibaki.

Karani wa Kamati

Wakuu, nimerudi. Nimeshinda ofisini na parish worker wetu, tumefungua makabati yote. Naweka nilichokuta sentensi kwa sentensi kama mzee alivyoelekeza.

"Umejenga kanisa." Mihutasari inaonyesha msingi ulichimbwa kabla hajafika. Kuta zilipanda wakati wake wa kwanza. Paa liliezekwa 2016, na wakati huo yeye hakuwepo, alikuwepo mwenzake. Aliporudi 2018 tukamalizia sakafu na madirisha. Tungesoma sentensi ile, mchungaji aliyeezeka angekuwa ameibiwa kazi yake mbele za watu, na yeye pia amealikwa siku hiyo.

"Umebatiza maelfu." Daftari la ubatizo lina safu ya aliyebatiza. Majina humo ni mengi, wako wachungaji wageni, yuko msaidizi wake, yuko huyo wa katikati. Sitaandika hesabu yoyote. Lakini kuna jambo nililiona ambalo sikulitegemea. Pembeni mwa majina ya watoto waliofariki baada ya ubatizo, ameandika kwa mkono wake tarehe ya kifo na neno "nilikwenda". Si kwa wote. Ni kwa waliozikwa akiwepo.

"Hatujawahi kusikia neno baya." Hii si kweli, na yeye mwenyewe angecheka. Mwaka 2019 aligombana na kamati ya ujenzi mpaka kikao kikavunjika.

Kisha kuna daftari la shule, lile la kurasa arobaini, limekaa chini ya kabati. Wenye umri mnakumbuka tarehe 29 Aprili 2009, ghala la silaha la kambi ya jeshi hapa Mbagala lilipolipuka. Ilikuwa Jumatano mchana, wazazi wako kazini, watoto wako shuleni. Zaidi ya watu 20 walifariki, na watoto wengi walipotezana na wazazi kwa sababu kila mtu alikimbia upande wake. Mchungaji alikuwa hajamaliza hata miezi sita kwetu. Alikaa kwenye benchi la nje ya kanisa na daftari hilo, akaandika kila mtoto aliyeletwa: jina, mtaa, shule, nguo aliyovaa. Mbele ya kila jina kuna alama ya vema na jina la aliyekuja kumchukua. Majina ya Kikristo na ya Kiislamu yamechanganyika, hakuna safu ya dini.

Parish worker ananiambia mchungaji hajawahi kulitaja daftari hilo kwenye mahubiri hata mara moja. Wazee wawili wa kanisa waliokuwepo siku ile wamethibitisha nilivyoandika.

Fundi Rangi Tatu

Mkuu, mimi nilikuwa kijana wa sekondari siku ile. Tulikimbia mpaka ng'ambo ya mto Kizinga. Sikupita kanisani, ila mdogo wangu alilala mahali usiku ule na tukampata kesho yake, sijawahi kujua ni kwa nani. Naomba uangalie kwenye daftari hilo, nitakutumia jina lake kwenye ujumbe wa faragha.

Karani wa Kamati

Nitaangalia Jumatatu, kaka. Nitakujibu kwa vyovyote.

Mama Kwaya

Jamani. Mimi nimeimba kanisani kwao mara ngapi na sikujua hili.

Karani, usimsahau mama mchungaji. Hao watoto walikula nini siku ile? Mtu alipika.

Karani wa Kamati

Mama, umenishtua. Nimempigia. Amesema ni yeye na akina mama wa jumuiya mbili, walipika uji kwa sufuria za harusi za kanisa, na unga ulitoka duka la jirani ambaye hakudai. Akasema nisimtaje peke yake, nitaje akina mama. Nitaandika alivyotaka.

Sasa jambo linalonitatiza. Mwaka 2019 tulifungua chekechea, wazo lilikuwa lake, alilisukuma sana. Ndiyo lililoleta ule ugomvi na kamati ya ujenzi, wao walitaka madirisha kwanza. Ilifungwa 2021. Watoto walikuwa wachache, walimu walikaa miezi bila mshahara kamili. Siku ya kuifunga alisimama mbele ya usharika akasema uamuzi wa kuharakisha ulikuwa wake na si wa baraza, akaomba radhi walimu kwa majina. Deni lao lililipwa kidogo kidogo kutoka kwenye sadaka, muhutasari upo. Niliweke au niliache?

Fundi Rangi Tatu

Weka. Bila hilo ni kilemba cha ukoka kile kile, kimebadilishwa rangi.

Mama Kwaya

Mimi nasema acha. Mbele ya Mkuu wa Jimbo? Mbele ya wajukuu zake? Yeye alishaomba radhi, limekwisha. Kulirudia ni kumfukua aliyezikwa.

Mzee Bandari

Wote wawili mna sababu. Mimi ningejiuliza mambo mawili. Kwanza, je, lilikuwa la wazi? Ndiyo, alisema mwenyewe madhabahuni, hakuna siri inayotolewa. Pili, sentensi inaelekea wapi? Kama inaishia kwenye kufungwa kwa shule, hiyo ni lawama. Kama inaishia kwenye alichokifanya siku ya kufunga, hiyo ni heshima, na ni heshima ambayo wachungaji wengi hawaipati kwa sababu hawakuwahi kusema "ulikuwa uamuzi wangu". Lakini usimshtukize. Mpelekee aya hiyo moja aione. Sifa usimwonyeshe. Aya hiyo mwonyeshe, na akisema hapana, iondoke bila mjadala.

Na wale walimu je? Kama mmoja wao atakuwa kanisani, naye asikie kwanza.

Mama Kwaya

Bado sikubali mzee, nisamehe. Mtu akiulizwa na usharika wake atasema ndiyo kwa aibu ya kukataa.

Mzee Bandari

Hilo nalo ni kweli, sina jibu lake.

Karani wa Kamati

Nimeandika upya. Hii ni sehemu ya kwanza na ya kati, salamu za mwanzo na sala ya mwisho nimeziacha:

"Mchungaji, ulikuja kwetu mwanzoni mwa 2009. Tarehe 29 Aprili mwaka huo mabomu yalilipuka, na watu wa Mbagala wakakimbia kila upande, wengine bila watoto wao. Ulikaa kwenye benchi la nje na daftari la shule, ukaandika kila mtoto aliyeletwa na nguo aliyovaa. Hukuuliza dini ya mtoto yeyote. Mama na akina mama wa jumuiya mbili walipika uji. Daftari hilo liko ofisini, na baadhi ya walioandikwa humo wamekaa hapa leo.

"Kuta za kanisa hili zilipanda ukiwa nasi. Mwenzako, ambaye yupo hapa, akaezeka paa. Ukarudi, tukamalizia sakafu pamoja. Katika miaka yako yote fedha za ujenzi zilikaa kwa mtunza hazina, na ulikataa kuweka saini kwenye hundi peke yako.

"Mwaka 2020, corona ilipoingia, makanisa hayakufungwa. Uligawa ibada moja kuwa tatu ili tukae mbalimbali, ukazihubiri zote tatu, na ukazika wafu wetu.

"Tulikuona ukiuliza kama mgonjwa wa kitanda cha pili amelala kabla hujaomba. Tulikuona ukiandika 'nilikwenda' pembeni mwa majina ya watoto tuliowazika. Haya ndiyo tunayoyajua. Mengine uliyoyafanya anayajua Mungu na wale uliowaendea."

Ya chekechea ingefuata hapo, bado sijaiweka.

Mdau wa Buguruni

"Haya ndiyo tunayoyajua." Hapo umemaliza, mkuu. Mungu awajaze kheri.

Mzee Bandari

Imekaa vizuri. Nina masahihisho mawili. Ile ya hundi, hakikisha na mtunza hazina kwamba ni kweli kwa miaka yote na siyo kwa kipindi kimoja, maana kuna watu watakaokaa wakikumbuka. Kama ni kipindi cha pili tu, andika kipindi cha pili. Na "tulikuona ukiandika" badilisha. Hamkumwona akiandika, mliona maandishi. Sema "tumekuta umeandika". Yeye atajua kwamba mlifungua daftari, na hilo peke yake litamwambia mengi kuliko sauti yoyote ya mshereheshaji.

Jambo la tatu ni kwa mwenyekiti. Awaambie wasemaji wengine wasije na "hatatokea tena kama wewe". Mchungaji mpya atakuwa amekaa pale, na Jumatatu yake ya kwanza inaanza na sentensi hiyo. Paulo aliwaandikia Wakorintho kwamba yeye alipanda, Apolo akatia maji, mwenye kukuza ni Mungu. Usharika unaosema hatatokea mwingine unamfunga pia anayestaafu, watamwita kila msiba na kila harusi mpaka mpya akose nafasi. Nimeshuhudia hilo likitokea mahali, na waliogombana mwishowe ni wachungaji wawili waliokuwa wakipendana.

Karani wa Kamati

Nimebadilisha "tumekuta umeandika". Mtunza hazina amejibu sasa hivi: ni tangu 2018, kipindi cha kwanza utaratibu ulikuwa mwingine. Nimeandika "tangu uliporudi 2018".

Aya ya chekechea nimeiandika pembeni na nimepeleka kwa mwalimu mmoja kati ya wale. Amesema yeye hana tatizo, ila mwenzake amehamia Morogoro na namba yake haipatikani. Mchungaji nitamwona Alhamisi baada ya kikao cha baraza. Mama Kwaya, nimelichukua neno lako. Nitampa karatasi na sitasubiri jibu pale pale. Atanijibu kwa wakati wake, na asiponijibu nitahesabu kuwa amekataa.

Mama Kwaya

Hapo sawa. Asipokujibu ni hapana. Hilo naliunga mkono.

Fundi Rangi Tatu

Karani, nimekutumia jina la mdogo wangu. Alikuwa na sare ya shule, shati jeupe na kaptula ya bluu, na alikuwa na kiatu kimoja.